Barua ya ofa ya kazi kwa mpishi mkuu msaidizi: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Barua hii nimeipokea mara mbili nikiwa mpishi, na baada ya kuwa mpishi mkuu nimeiandika mara nyingi kuliko hizo. Maswali yaliyo hapa ni yale ninayoulizwa na wapishi waliotoka sehemu moja ya jiko, yaani walikuwa wa nyama, wa samaki au wa mboga, na sasa wamepewa karatasi inayowaita mpishi mkuu msaidizi. Jikoni wengi wanamwita su-shefu. Kwa sehemu kubwa nitatumia kisa cha kijana mmoja niliyefanya naye kazi, aliyeniletea barua yake tuisome pamoja kabla hajaijibu. Tarakimu za fedha nimeziacha tupu, bila sarafu, ili kila mtu aweke ya kwao.

Barua ya ofa ndiyo mkataba wenyewe?

Inategemea ilivyoandikwa na sheria ya mahali ulipo. Barua nyingi husema kwamba ofa ni ya masharti, kisha zinaahidi mkataba kamili baadaye. Hata hivyo, usiichukulie kama salamu tu. Ukishatia saini barua inayotaja cheo, mshahara, tarehe ya kuanza na majukumu, umekubali mambo hayo, na mkataba ukija miezi miwili baadaye utakuwa umenakiliwa humohumo. Kipindi cha kuuliza na kurekebisha ni kile kati ya kupokea barua na kuirudisha. Baada ya hapo unaomba, huelewani tena.

Ahadi za mdomo nazo ziingie humo. Kama kwenye usaili uliambiwa utapata siku mbili za mapumziko kwa wiki na barua imetaja moja, iliyopo ni moja.

Mshahara umepanda kuliko ninaoupata sasa. Kuna haja gani ya kuuchunguza?

Hapa ndipo wapishi wengi huumia, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Mpishi wa sehemu mara nyingi hulipwa kwa saa, au ana mshahara wa saa fulani na akizidisha analipwa ovataimu. Su-shefu kwa kawaida huhamishiwa kwenye mshahara mmoja wa mwezi unaomeza kila kitu. Ndani ya barua utakuta sentensi kama hii: "Saa za kazi zitakuwa kulingana na mahitaji ya jiko, na mshahara uliotajwa unajumuisha malipo yote ya saa za ziada." Ni sentensi moja tu, lakini ndiyo inayoamua kama umepandishwa au umeshushwa.

Kijana wangu alikuwa na mshahara wa 1,560 kwa mwezi kwa saa 45 za wiki. Mwaka una wiki 52, ukigawanya kwa miezi 12 na kuzidisha kwa 45 unapata saa 195 kwa mwezi. Basi saa yake moja ilikuwa na thamani ya 8. Juu ya hapo alikuwa akifanya wastani wa saa 12 za ziada kwa wiki, ambazo ni saa 52 kwa mwezi, zikilipwa mara moja na nusu, yaani 12 kila saa. Hiyo ni 624. Kwa jumla alikuwa akipata 2,184 kwa saa 247.

Ofa mpya ilikuwa 2,400. Alifurahi, na nani asingefurahi? Nikamwuliza kijana: su-shefu anayeondoka pale huwa anaingia saa ngapi na kutoka saa ngapi? Hakujua. Akaenda akamwuliza, akajibiwa: siku sita kwa wiki, saa 11 kwa siku kwa wastani, maana ndiye anayefungua jiko kupokea mizigo na ndiye anayelifunga siku ambazo mpishi mkuu hayupo. Hizo ni saa 66 kwa wiki, au 286 kwa mwezi. Gawanya 2,400 kwa 286: unapata 8.39. Kazi yake ya zamani, ukichanganya na ovataimu, ilikuwa ikimlipa 8.84 kwa saa. Alikuwa anapewa cheo, funguo za stoo na lawama zote, huku kila saa yake ikiuzwa kwa bei ya chini kuliko alipokuwa anakaanga samaki.

Simaanishi kwamba angeikataa. Kupanda cheo kuna faida ambazo haziko kwenye hesabu hii. Ila alipaswa kuyajua hayo kabla ya kutia saini, na akiyajua ana jambo la kuongea.

Niombe nini basi, mshahara uongezwe?

Unaweza, lakini mwenye mkahawa ameshapanga bajeti ya cheo hicho na mara nyingi hana pa kusogea. Ni rahisi zaidi kuomba saa ziwekewe mpaka. Kuhusu saa, kijana alirudi na ombi moja tu: barua itaje wastani wa saa 54 kwa wiki, unaohesabiwa katika kila wiki nne, na saa zitakazozidi hapo zirudishwe kama mapumziko ndani ya wiki nne zinazofuata au zilipwe. Saa 54 kwa wiki ni 234 kwa mwezi, na 2,400 ikigawanywa hapo ni 10.26 kwa saa. Mshahara ni uleule, lakini ofa imebadilika kabisa.

Walikubali, isipokuwa walitoa neno "zilipwe" wakabakiza mapumziko. Nikamwambia achukue, ila aweke daftari lake mwenyewe la saa za kuingia na kutoka tangu siku ya kwanza. Mpaka wa saa usio na kumbukumbu hauna kazi, kwa sababu ratiba ya zamu inaonyesha ulivyopangwa, haionyeshi ulivyobaki unasugua jiko hadi usiku wa manane.

Kabla ya yote, angalia sheria ya kazi ya nchi yako. Sehemu nyingine ovataimu haiwezi kufutwa kwa sentensi ya barua. Sehemu nyingine watu wenye cheo cha usimamizi wametolewa kwenye kanuni za saa, na hapo ndipo neno "msimamizi" linapobandikwa kwa su-shefu ambaye hana uwezo wa kuajiri wala kumwonya mtu.

Zamu ya vipande viwili inahesabiwaje?

Ile ya kufanya kazi mchana, kuachiliwa alasiri, kisha kurudi jioni. Wengi huhesabu saa za jikoni tu. Swali la kuuliza ni kama mapumziko ya katikati ni yako kweli, au utabaki kupokea mizigo na kuandika oda. Kama unakaa humohumo ukisubiri simu ya muuza mboga, hayo si mapumziko, na barua inapaswa kusema hivyo.

Mshahara uliotajwa ndio nitakaoupata mkononi?

Kwa kawaida hapana. Tarakimu ya kwenye barua huwa ni mshahara ghafi, kabla ya kodi na makato ya mifuko ya hifadhi ya jamii. Barua nzuri husema neno hilo wazi. Isiposema, uliza kwa maandishi: huu ni kabla au baada ya makato? Usilinganishe ghafi ya kazi mpya na ya mkononi ya kazi ya zamani. Kosa hilo nimelifanya mwenyewe, na mwisho wa mwezi wa kwanza nilidhani nimeibiwa.

Bakshishi na ada ya huduma zinaweza kuhesabiwa kwenye mshahara?

Hivi ni vitu viwili tofauti. Ada ya huduma huandikwa kwenye bili na mteja hulipa pamoja na chakula. Bakshishi mteja huitoa kwa hiari yake juu ya kile anachodaiwa. Shirika la Kazi Duniani lilipitisha mwaka 1991 mkataba namba 172, unaohusu hoteli na mikahawa, na humo bakshishi imeelezwa hivyo hivyo. Mkataba huo unasema kwamba, bila kujali bakshishi, mfanyakazi lazima alipwe ujira wa msingi kwa vipindi vinavyojulikana. Nchi ambazo hazikuuridhia hazibanwi nao, lakini ni kipimo kizuri cha kusomea barua yako.

Ukikuta barua inasema "mapato ya mwezi yanakadiriwa kuwa 2,400", tia mstari chini ya neno "yanakadiriwa". Pengine 1,700 ndio mshahara na 700 ni makisio ya mgawo wa ada ya huduma katika mwezi mzuri. Msimu wa wateja wachache utakapofika, makisio yatashuka na kodi ya nyumba yako haitashuka. Omba mshahara wa msingi uandikwe peke yake, na kanuni ya mgawo iandikwe mstari wake: jiko linapata sehemu gani, na su-shefu anapata pointi ngapi.

Tarehe ya kuanza wameiweka wao. Naweza kuibadilisha?

Unaweza, na mara nyingi unalazimika. Kijana wangu alipokea barua tarehe 3 Juni. Ilimtaka ajibu kabla ya 10 Juni na aanze kazi 1 Julai. Mkataba wake wa zamani ulidai notisi ya siku 30. Hata angeiandika siku ileile aliyopokea ofa, asingeweza kuondoka kihalali kabla ya 3 Julai. Kuondoka bila kumaliza notisi kungemgharimu mshahara wa siku zilizobaki, na jina lake pia, maana wapishi wakuu wanajuana na wanapigiana simu.

Kulikuwa na tatizo la pili lililojificha zaidi. Ofa ilikuwa "kwa sharti la" matokeo ya uchunguzi wa afya wa watu wanaoshika chakula, barua za waajiri waliotangulia na uthibitisho wa vyeti. Maana yake ni kwamba hata baada ya saini, mwajiri anaweza kujitoa kama moja halikutimia. Angeacha kazi tarehe 4 na matokeo yakaja mabaya tarehe 15, angekuwa hana ofa wala kazi.

Tulichofanya ni kupanga upya mfululizo. Alikubali ofa kwa maandishi tarehe 5, akapima afya haraka, akaomba barua moja fupi ya kuthibitisha kwamba masharti yote yametimia. Aliipata 12 Juni, na siku hiyohiyo akatoa notisi. Siku 30 zikaisha 12 Julai. Tarehe ya kuanza ikaandikwa upya kuwa 15 Julai, akapata siku mbili za kulala. Mwajiri mpya alinung'unika kidogo, lakini mpishi anayemheshimu mwajiri wa zamani ndiye atakayemheshimu na mwajiri mpya siku akiondoka, na hilo waajiri wenye akili wanalijua.

Mbona wananiomba waajiri wa sasa wapigiwe simu kabla sijaacha kazi?

Kataa kwa upole. Andika kwamba mwajiri wa sasa aulizwe baada ya wewe kutoa notisi, na wape majina ya wale wa kabla yake. Ni ombi la kawaida na halimkasirishi mtu.

Orodha ya majukumu ni ndefu mno. Ni ipi ya kuangalia kweli?

Nyingi ni zile ambazo ungezifanya hata bila kuandikwa: kusimamia maandalizi, kuonja, kusimama kwenye kaunta ya kutolea chakula saa za msongamano, kufundisha wapya. Hizo zipite haraka. Simama kwenye zile zinazobeba dhamana.

Ya kwanza ni kukaimu. Su-shefu, kwa Kifaransa alikotoka, ni aliye chini ya mkuu, na kazi yake kubwa huanza mkuu anapotoka. Barua nyingi husema "atakaimu nafasi ya mpishi mkuu anapokuwa hayupo" na kuishia hapo. Hayupo kwa muda gani? Siku yake ya mapumziko ni sawa. Likizo ya mwezi mzima ni jambo jingine, na mkuu akiacha kazi wasitafute mwingine ni jambo la tatu. Nimemwona su-shefu aliyekaimu miezi saba kwa mshahara uleule. Sentensi inayoziba tundu hilo ni fupi: kukaimu kukizidi siku 14 mfululizo, kutalipwa posho ya kukaimu kuanzia siku ya 15. Idadi ya siku mnaweza kuelewana, muhimu iwepo.

Ya pili ni usalama wa chakula. Ukiandikiwa kwamba unawajibika kwa kumbukumbu za joto, basi wewe ndiye utakayeulizwa na mkaguzi. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani ni chakula kinachohifadhiwa baridi kiwe chini ya nyuzi 5 za Selsiasi, cha moto kikae juu ya 60, na kilichopikwa kisiachwe kwenye joto la kawaida zaidi ya saa 2. Sasa, kama jokofu la kuingia ndani limeharibika na linasoma 9 kila siku, unaweza kuita fundi bila kuomba ruhusa? Unaweza kutupa nyama iliyolala humo? Kama jibu ni hapana, umepewa wajibu bila mamlaka. Omba iongezwe sentensi kwamba una mamlaka ya kusitisha matumizi ya chakula au kifaa chochote kisicho salama.

Na ile ya mwisho kwenye kila orodha, "na kazi nyingine atakazopangiwa", haiondoki. Usipoteze pumzi zako hapo. Unaweza tu kuomba yaongezwe maneno "zinazolingana na cheo chake", ili usije ukageuzwa dereva wa kupeleka oda.

Wameahidi bonasi nikipunguza gharama ya chakula. Ni jambo zuri?

Linaweza kuwa zuri, kama kipimo ni cha haki. Gharama ya chakula hupatikana hivi: chukua thamani ya stoo mwanzoni mwa mwezi, jumlisha manunuzi, toa thamani ya stoo mwishoni. Tuseme 4,000 kujumlisha 11,000 kutoa 3,500. Zilizotumika ni 11,500. Mauzo ya chakula yakiwa 35,000, gharama ni karibu asilimia 33.

Barua ikisema "bonasi italipwa gharama ikiwa asilimia 30 au chini", jiulize ni nani anayeshika usukani. Bei za wauzaji zikipanda kwa sehemu moja ya kumi, asilimia 30 inakuwa 33 bila wewe kupoteza hata kitunguu, na bei za menyu huzipangi wewe. Su-shefu anatawala kile kilicho kati ya gharama ya kadi za mapishi na gharama halisi. Kama kwa kadi za mapishi, kwa bei za mwezi huo, vyakula vilivyouzwa vilipaswa kugharimu asilimia 31, na stoo inasema 33, pengo la pointi 2 ndilo lako: vipimo vya sahani vilivyozidi, vilivyooza, vilivyoungua, vilivyotoka bila kuandikwa. Omba bonasi ipimwe kwa pengo hilo. Na hesabu ya stoo ifanywe na watu wawili, maana anayelipwa kwa hesabu hapaswi kuwa anayeihesabu peke yake. Hilo linakulinda wewe kuliko linavyomlinda tajiri.

Kipindi cha majaribio kinabadilisha nini?

Hasa notisi. Katika majaribio mara nyingi kila upande unaweza kuvunja kwa siku chache, wakati baada yake ni mwezi au zaidi. Angalia mambo mawili: kama kinaweza kurefushwa na mara ngapi, na nini kinatokea siku ya mwisho ikipita kimya. Andiko bora husema kwamba bila taarifa ya maandishi, umethibitishwa.

Mapishi nitakayobuni ni ya nani?

Barua nyingi husema ni ya mwajiri. Kwa menyu uliyoitunga ukilipwa, sioni ubaya. Usikubali tu kifungu kinachomeza hata uliyokuja nayo, wala kile kinachokuzuia kupika mkahawa mwingine wowote kwa mwaka mzima baada ya kuondoka. Cha kwanza kiwekewe mpaka wa "yaliyobuniwa katika ajira hii". Cha pili kiulizie kwa mtu anayejua sheria ya kwenu, kwa kuwa sehemu nyingi vifungu vipana namna hiyo havisimami mahakamani.

Visu na sare?

Mstari mmoja unatosha: sare wanatoa wao na kufua ni kwao, visu vya binafsi ni vyako na vikiibwa jikoni nani analipa. Makato ya vyombo vilivyovunjika yasiwepo bila wewe kusikilizwa kwanza.

Nijibu vipi nikiwa nakubali mengi lakini si yote?

Kwa maandishi, ujumbe mmoja, si maswali yanayochuruzika siku tano. Huu ndio aliotuma kijana wangu, nimeondoa majina tu:

"Shikamoo shefu. Nashukuru kwa ofa ya nafasi ya mpishi mkuu msaidizi, na niko tayari kuikubali. Kabla ya kutia saini naomba mambo matatu yaandikwe kwenye barua: wastani wa saa 54 kwa wiki na zinazozidi zirudishwe kama mapumziko ndani ya wiki nne au zilipwe, posho ya kukaimu kuanzia siku ya 15, na tarehe ya kuanza iwe 15 Julai, mradi nipate uthibitisho kwamba masharti yametimia kufikia 12 Juni, ili nimalize notisi yangu ya siku 30. Mengine yote nimeyasoma na nimeyaridhia."

Jibu lilirudi siku iliyofuata, likiwa na barua mpya na tarehe mpya. Ile ya kwanza aliniachia mimi, na ndiyo niliyoitoa mezani nilipoanza kuandika haya.